Sabuni ya unga ya mjini imefika vijijini, pakiti ndogo hazitoki: tatizo ni gramu, bei au tangazo?

MshikaMzigo
Wakuu, salaam. Nasimamia mauzo ya sabuni ya unga ya kiwanda cha wastani. Mjini tunauza pakiti ya gramu 500 na inakwenda bila matatizo. Tulipoamua kwenda vijijini kila mtu ofisini alisema jambo lilelile, kwamba huko mtu hanunui nusu kilo, ananunua ya kufulia leo. Basi tukatoa pakiti ndogo ya gramu 28 inayouzwa kwa sarafu moja, zikining'inia kwenye mkanda wa dazeni.

Mzigo wa kwanza ulichukuliwa wote kwa sababu tuliweka ofa. Oda ya pili haiji. Nikipita madukani nazikuta zimening'inia na vumbi. Kinachonichanganya ni kwamba pakiti ya gramu 500, ambayo hatukuitangaza kabisa huko, inaagizwa tena na tena, na sioni mteja hata mmoja akitoka nayo dukani.

Ili mtu wa nchi yoyote afuate, bei naziandika kwa sehemu. Pakiti ndogo kwa mteja ni 100. Pakiti ya gramu 500 mjini ni 1,500. Naomba mawazo.

NguvuYaBei
Mkuu, jibu unalo mwenyewe. Piga hesabu: 1,500 kwa gramu 500 ni 3 kwa gramu. 100 kwa gramu 28 ni zaidi ya 3.5 kwa gramu. Unamtoza mtu wa kijijini, mwenye kipato kidogo, bei kubwa kuliko mtu wa mjini, halafu unashangaa hanunui? Weka gramu 35 kwa bei hiyohiyo. Wanavijiji wanajua hesabu kuliko sisi. Nirma kule India ilianza hivyohivyo, Karsanbhai Patel mwaka 1969 alitoa sabuni ya unga kwa bei ya chini sana kuliko Surf, akachukua soko. Bei kwanza, mengine baadaye.

Mpitanjia77
Mimi niko kijijini na nina mtaji wa kufungua duka la sabuni. Naomba kujua leseni inapatikana wapi na mzigo wa kuanzia niweke kiasi gani?

KipimoKamili
Mpitanjia77, ndugu yangu, hapa tunazungumzia upande wa kiwanda. Fungua uzi wako, utapata watu. Ila usiondoke moja kwa moja, nadhani tutakuhitaji.

MshikaMzigo, kabla hujagusa gramu wala bei, jibu swali moja: hiyo pakiti ya gramu 500 inaishia wapi? Inaagizwa tena, maana yake inatumika. Hakuna anayetoka nayo dukani, maana yake inaisha ndani ya duka. Nenda ukakae ndani, upande wa muuzaji na si wa mteja, kuanzia jioni watu wanaporudi shambani. Beba mizani ndogo ya jikoni.

NguvuYaBei
Mizani ya nini? Tatizo liko wazi.

MshikaMzigo
Nimerudi. KipimoKamili, ulijua.

Wenye maduka wanafungua pakiti ya gramu 500, wanachota kwa kijiko, wanafunga kwenye kikaratasi au kifuko cha nailoni, wanauza 100. Nilinunua vifungo vichache katika maduka tofauti nikavipima. Vingi viko kati ya gramu 21 na 25. Hakuna kilichofika 28. Yaani pakiti yetu ndogo ina sabuni nyingi zaidi kwa bei ileile, imefungwa vizuri, ina jina, na bado inashindwa na kijiko cha sabuni yetu wenyewe.

KipimoKamili
Sawa. Hapo sasa una kitu cha kufanyia kazi. Wengi wanaotoka mjini hudhani wanakuja kushindana na chapa nyingine. Mshindani wako ni kijiko, na kijiko kimefika huko kabla yako. Kimeshapanga bei (sarafu moja) na kimeshapanga kipimo (mfuo mmoja). Hivyo viwili ofisini mlivipata, hongereni. Mlichosahau ni mtu aliyeshika kijiko.

Hebu tufanye hesabu yake. Pakiti ya gramu 500 inamfikia kwa shilingapi, na ile ndogo anainunua kwa shilingapi?

MshikaMzigo
Ile kubwa inamfikia kwa 1,300. Ndogo anainunua kwa 85, kwa hiyo mkanda wa dazeni ni 1,020.

KipimoKamili
Basi tazama. Akiuza dazeni yako yote anapata 1,200, faida 180. Ametoa 1,020 akapata faida isiyofika hata asilimia 18.

Akifungua pakiti kubwa na kuchota vijiko vya gramu 25, anapata vijiko 20, yaani 2,000. Ametoa 1,300, faida 700. Hiyo ni zaidi ya nusu ya alichotoa. Na kama kijiko chake kina gramu 22 au 23, anapata kijiko kimoja au viwili zaidi.

Wewe ungekuwa nyuma ya ile meza, mtoto akija na sarafu akisema "nipe sabuni", mkono wako ungekwenda wapi? Pakiti ndogo ikiuzwa inamnyang'anya mauzo ya kijiko. Ndiyo maana zimening'inia na vumbi. Hazikataliwi na mteja. Mteja hata hajaonyeshwa.

MwenyeDuka
Nasoma kimyakimya siku zote ila hapa lazima niandike. Mimi nina duka la aina hiyo, na hesabu ya KipimoKamili ni ya kweli ila imezidi utamu. Ile 700 haifiki yote mfukoni. Vifuko vya nailoni nanunua. Sabuni inamwagika. Msimu wa mvua pakiti ikishafunguliwa inavuta unyevu, inagandamana, ya chini inakuwa mabonge na hakuna anayeitaka. Halafu kuna jirani wanaochukua kwa mkopo, na kijiko hakina daftari. Mwisho wa siku labda 500, na hapo ni msimu wa jua.

Lakini hata hiyo 500 ni kubwa kuliko 180. Halafu jambo ambalo nyie wa kiwandani hamlioni: mtu ananiomba "sabuni". Haombi ya fulani. Akiomba kwa jina ninampa anachoomba, kwa sababu nisipompa anakwenda duka la pili. Asipotaja jina, mimi ndiye ninayechagua.

NguvuYaBei
Mnazunguka mbuyu. Hata kama ni hivyo, ukiweka gramu 35 mteja mwenyewe atadai.

KipimoKamili
Kaka, hoja yako ina nusu ya ukweli, kwamba mteja akiona tofauti kubwa atadai. Tuone hiyo 35 inatoka wapi. MshikaMzigo, nisahihishe nikikosea, lakini mgawanyo wa sarafu moja kwa bidhaa kama hii huwa hivi. Katika 100 anayolipa mteja, mwenye duka anabaki na 15. Yule wa jumla ndogo anayepeleka kwa baiskeli au pikipiki, 6. Wakala mkubwa, 7. Kodi na usafiri, tuseme 12. Hapo imebaki 60 mlangoni kwa kiwanda. Plastiki ya pakiti yenyewe, 14. Kujaza, kufunga na boksi, 6. Gharama za ofisi, matangazo na faida ya kiwanda, 12. Imebaki 28 ya sabuni, na kama kila gramu inagharimu 1 kuitengeneza, ndiyo gramu zako 28.

MshikaMzigo
Umekaribia mno. Plastiki ni zaidi kidogo.

KipimoKamili
Basi ndiyo kusema pakiti ndogo ni biashara ya plastiki yenye sabuni ndani. Ile plastiki ya 14 inafunika gramu 28, yaani nusu ya sehemu moja kwa kila gramu. Kwenye pakiti kubwa, hata plastiki na uchapaji vikigharimu 60, vimegawanywa kwa gramu 500. Hapo ndipo bei ya gramu inapopanda. Hakuna aliyekaa akapanga kumwonea mtu wa kijijini.

Sasa weka gramu 35. Sabuni inakula 35 badala ya 28, ile 12 ya kiwanda inabaki 5. Plastiki ikipanda bei kidogo, unauza kwa hasara. Na kuna jingine baya zaidi: 100 kwa gramu 35 ni chini ya 2.9 kwa gramu, yaani nafuu kuliko pakiti ya mjini. Wenye maduka wa mjini hawalali. Watachukua pakiti ndogo, pakiti yako kubwa itakaa rafuni. Iliwahi kutokea India kwa shampoo: vipakiti vilikuwa nafuu kwa mililita kuliko chupa, hadi watu wa mjini wenye uwezo wakawa wananunua vipakiti na kuacha chupa.

Kuhusu Nirma, uko sahihi kwenye bei. Ila bei ile ilitoka kwenye sabuni yenyewe kutengenezwa kwa gharama ndogo na kupelekwa kwa gharama ndogo. Patel alianza kwa kuiuza mwenyewe nyumba kwa nyumba kwa baiskeli. Hakuchukua Surf akaikata bei. Na Hindustan Lever, wenye Surf, walipoamua kumjibu, miaka ya 1980, hawakuishusha Surf hadi kule. Walitoa chapa nyingine, Wheel, yenye utengenezaji na usambazaji wake. Bei ya chini bila gharama ya chini ni ofa tu, itaisha.

NguvuYaBei
Hapo kwenye kuharibu soko la mjini sikuwa nimefikiria. Lakini bado nasema 28 ni kidogo.

FundiMaji
Mimi ni mkemia, si mtu wa masoko. Naona mnabishana 28 au 35 na hakuna aliyeuliza maji ya huko ni ya namna gani. Gramu 28 mlizipata kwa kufulia na maji ya bomba mjini?

MshikaMzigo
Maabara ya kiwanda, ndiyo. Maji ya bomba, ndoo ya lita 10.

FundiMaji
Basi kipimo chenu ni cha maji hayo tu. Maji mengi ya visima virefu yana chokaa, yaani kalsiamu na magnesiamu. Sabuni ya kipande ndiyo inayoteseka zaidi, inageuka utando mweupe usiotoa povu. Sabuni ya unga ya kisasa inastahimili zaidi, lakini nayo sehemu yake inaliwa na chokaa kabla haijagusa uchafu. Mama akitumia pakiti yako moja kwenye maji hayo ataona povu limekufa haraka, atasema sabuni imechakachuliwa. Atatumia pakiti mbili, na hapo bei yako imekuwa 200 kwa mfuo mmoja.

Kupima ni rahisi. Chukua chupa safi yenye mfuniko, weka maji ya kisima hadi katikati, kata vipande vidogo vya sabuni ya kawaida ya kipande, tikisa. Fanya hivyo na maji ya mvua kwenye chupa nyingine. Kama ya mvua imejaa povu na ya kisima imebaki na utando kama maziwa yaliyokatika, maji ni magumu. Fanya hivyo kwenye kila eneo unalopeleka mzigo, usikisie kwa ramani.

MamaMafuta
Nachangia kwa uzoefu wangu wa mafuta ya nywele, labda utasaidia. Sisi tulitoa pakiti ndogo ya mafuta, mjini hakuna shida. Vijijini zilipigwa jua nje ya duka, kwa sababu mwenye duka anazining'iniza mlangoni ili zionekane. Joto lililegeza ule mshono wa pakiti, mafuta yakavuja, pakiti moja ikachafua mkanda mzima. Wenye maduka walitaka warudishiwe pesa na wakala akakataa. Tuliongeza upana wa mshono na tukabadilisha plastiki, bei ikapanda, tukapunguza mafuta ndani. Wateja wakaona. Sijui kama sabuni ya unga ina shida hiyo?

FundiMaji
Unga hauvuji hivyo, Mama, ila mshono ukifunguka kidogo tu unaingiza unyevu. Dalili yake: ukiibonyeza pakiti inakuwa ngumu kama tofali dogo badala ya kuteleza. Na jua linafifisha rangi ya uchapaji, pakiti mpya inaonekana kama ya zamani.

RasTangazo
Nimesubiri mtu aulize kuhusu ujumbe, naona wote mmekimbilia hesabu. MshikaMzigo, nyuma ya pakiti ndogo mmeandika nini?

MshikaMzigo
Yaleyale ya pakiti kubwa, yamepunguzwa. "Weupe wa kung'aa, harufu ya maua, inafaa kwa mashine na mikono." Na tangazo la redio ni lilelile la mjini.

RasTangazo
Ndilo nililohofia. Hapo umechukua maneno ya mtu anayechagua kati ya sabuni sita kwenye rafu yenye mwanga, ukampa mtu ambaye hachagui sabuni kabisa, anapewa. MwenyeDuka amelisema vizuri hapo juu kuliko wakala yeyote wa matangazo: mteja asipotaja jina, duka linachagua. Kazi ya ujumbe wako kijijini ni moja tu kwa kuanzia, kumfanya mtu ataje jina lako mlangoni.

Na anayetumwa dukani mara nyingi ni mtoto. Jina la sabuni yenu lina silabi ngapi? Kama ni gumu, mtoto atasema "ile ya bluu". Basi hiyo rangi ndiyo jina lako. Usiibadilishe kati ya pakiti kubwa na ndogo, na uiangalie sana, kwa sababu anayeghushi ataanza na rangi.

MshikaMzigo
Pakiti kubwa ni ya bluu. Ndogo tuliifanya ya waridi ili zitofautiane ghalani.

RasTangazo
Umetofautisha ghalani ukajipoteza dukani. Rudisha bluu. Ghalani tofautisheni kwa boksi.

Halafu ujumbe wenyewe. Jua hofu ya mnunuzi wa pakiti ndogo ni ipi. Mjini hofu ni nguo kutong'aa. Kijijini, mtu mwenye sarafu moja anahofia itakuwaje ikiisha kabla nguo hazijaisha. Kwa hiyo mchoro wa ndoo moja, na nguo ngapi hasa: mfano shati mbili, sketi, sare ya shule. Mchoro, si maandishi. Na ahadi hiyo iwe ya kweli kwa maji ya pale, ndiyo maana nimefurahi FundiMaji amefika.

FundiMaji
Ongeza na maji ya kusuuza. Watu wa mjini wanapenda povu lisiloisha. Mtu anayebeba maji kichwani kutoka mbali anataka povu la kutosha kuonyesha sabuni inafanya kazi, halafu litoke kwa ndoo moja. Povu likidumu sana, anasuuza mara tatu, na maji ndiyo gharama yake kubwa. Hilo hakuna aliyeliandika kwenye pakiti yoyote niliyowahi kuona huko.

RasTangazo
Nalichukua hilo. "Ndoo moja kufua, ndoo moja kusuuza." Lakini usilitangaze kabla ya kulipima.

KipimoKamili
Redio haitoshi kwa kitu ambacho mtu lazima akione kwa macho. Mfano ninaoupenda ni wa shampoo ya Chik ya India, kampuni ya C. K. Ranganathan aliyoianzisha mwaka 1983. Walikwenda vijijini ambako watu waliosha nywele kwa sabuni, wakawaosha watoto nywele mbele ya watu, wakaacha watu waguse na kunusa. Halafu wakaweka ofa: leta vipakiti vitano vitupu, hata vya chapa nyingine, upate kimoja cha Chik bure. Baadaye wakakaza, vikakubaliwa vya Chik tu.

Akili iko kwenye hiyo ofa. Linganisha na yako, mkuu. Wewe ulimpa ofa mwenye duka ili achukue mzigo, naye akachukua. Wao walimpa mteja sababu ya kurudi dukani na kutaja jina, hivyo duka likalazimika kuwa nacho.

MwenyeDuka
Ofa ya vitupu mimi naikubali kwa sharti moja. Nikikusanya vitupu, nani ananilipa na lini? Niliwahi kukusanya vizibo vya soda kwa ofa ya namna hiyo, mwenye gari la usambazaji hakurudi. Safari hii nitampa mteja pakiti ya bure siku ile ile msambazaji atakaponipa mimi, si kabla.

MshikaMzigo
Hilo la haki. Tunaweza kumpa msambazaji wa pikipiki akiba ya pakiti za kubadilisha papo hapo.

Narudi kwenye 180 dhidi ya 500. Hata mteja akitaja jina, mwenye duka bado anapoteza. Nimpandishie faida kutoka 15 hadi 20?

KipimoKamili
Ukimpa 20, zile 5 zinatoka kwenye sabuni. Umebaki na gramu 23, sawa na kijiko. Umempoteza mteja ili umpate mwenye duka, na mwenye duka bado anapata zaidi kwenye kijiko. Kwa faida ya kila sarafu huwezi kukishinda kijiko, kwa hiyo usishindane hapo.

Shindana kwenye mtaji. Pakiti kubwa inamfungia 1,300 kwa mara moja, na kabla haijaisha sehemu inaganda au inakwenda mkopo. Dazeni yako nayo inamfungia 1,020, yaani karibu sawa, kwa faida ndogo zaidi. Hapo ndipo ulipoharibu mambo, si kwenye gramu. Kata mkanda uwe nusu dazeni: 510. Kwa duka dogo hiyo ni hela ya kutoa asubuhi na kuirudisha jioni. Msambazaji akipita kila siku ya gulio, anachukua mikanda miwili akiwa na hela, mmoja akiwa hana.

MwenyeDuka
Nusu dazeni nachukua. Dazeni najifikiria mara mbili.

NguvuYaBei
Mbona hakuna anayesema jambo la wazi? Kama kijiko kinauza, tengenezeni sabuni ya kijiko. Mfuko wa kilo 2, hauna madoido, ndani mna kijiko cha plastiki cha gramu 25. Plastiki kidogo, takataka kidogo, mwenye duka anapata faida yake, mteja anapata kipimo cha haki. Pakiti ndogo zimejaa mitaroni, hazichukuliwi na mtu, haziyeyushwi.

KipimoKamili
Hii sasa ni hoja nzito, na sina jibu la kuifunga. Kilo 2 ni vijiko 80, yaani 8,000 dukani. Ukimuuzia kwa 5,000, ana faida kubwa, na kiwanda kinaweza kupata zaidi kwa gramu kuliko kwenye pakiti ndogo. Takataka, uko sahihi kabisa, na ziko nchi ambazo zimeshaanza kubana plastiki ya namna hii. Anayejenga kiwanda juu ya pakiti ndogo ajue sheria inaelekea wapi kwao.

Shida zangu ni mbili. Kwanza hiyo 5,000. Tumetoka kusema mtaji ndio unaombana. Pili, sabuni ikishatoka kwenye mfuko wako haina jina. Mfuko ukiisha, anaweza kuujaza unga wa bei rahisi na kuendelea kuchota. Mteja ataona nguo hazitakati, na jina litakaloharibika ni lako.

MwenyeDuka
Si wote tunafanya hivyo.

KipimoKamili
Najua, ndugu. Lakini mteja hawezi kukutofautisha na anayefanya.

NguvuYaBei
Basi mfuko wa kilo 1 wenye mdomo unaotoa kipimo, usiojazika tena.

MshikaMzigo
Mdomo huo una gharama yake. Nitauliza watu wa vifungashio, ila siahidi.

Swali langu jingine: tumechapa bei 100 kwenye pakiti. Duka la mbali kabisa linalalamika.

MwenyeDuka
Kwa sababu mimi nalipa bodaboda hadi kwangu. Umeniandikia 100, nanunua kwa 85, nusu ya faida inaishia njiani. Nikiuza 120 mteja ananionyesha bei kwenye pakiti, ananiita mwizi. Naiacha.

KipimoKamili
Bei iliyochapwa inamlinda mteja na inamuua aliye mwisho wa barabara. Njia mbili tu: gharama ya kufika kwake uilipe wewe, iingie kwenye ile 12 ya usafiri, au usichape bei huko. Mimi ningelipa usafiri na kuacha bei ichapwe, kwa sababu 120 haina sarafu. Atalazimika kurudisha chenji ambayo hana, au kuuza mbili kwa 250. Bei ya pakiti ndogo haipandi kidogo kidogo. Inakaa kwenye sarafu hadi sarafu yenyewe ife. Biskuti za Parle-G za India zilikaa miaka mingi bei ileile, gramu ndizo zilizokuwa zikipungua.

RasTangazo
Na hapo ndipo ujumbe wa "ndoo moja" unapokuwa mtego. Ukishachora ndoo moja kwenye pakiti, gramu zikipungua huwezi tena kupunguza bila kusema uongo.

KipimoKamili
Ndiyo. Biskuti ikipungua inabaki biskuti. Pakiti ya sabuni ikishuka chini ya mfuo mmoja inageuka kitu kingine. Kwa hiyo MshikaMzigo, jua leo sakafu yako iko wapi. Kama kwa maji magumu ndoo inahitaji gramu 26, una gramu 2 tu za kujitetea siku malighafi zikipanda.

MshikaMzigo
Nimeelewa. Ninachokwenda kufanya: eneo moja tu kwanza, lenye magulio mawili. Chupa za FundiMaji kwenye kila kisima, halafu tufue nguo zenye uchafu wa shamba kwa gramu 28 na maji ya pale. Mkanda wa nusu dazeni, rangi ya bluu. Kufua hadharani siku za gulio na vitupu vibadilishwe papo hapo. Hakuna ofa ya mwenye duka. Nitahesabu oda ya pili na ya tatu kwa kila duka, ya kwanza siihesabu.

Pakiti ya gramu 500 naiacha iendelee, au niizuie eneo hilo ili nione pakiti ndogo peke yake?

KipimoKamili
Iache. Ukiizuia wataleta sabuni ya mwingine na kuichota, na utakuwa umepima kitu ambacho hakipo. Ila pima vijiko tena baada ya mavuno. Watu wakiwa na hela wanaweza kununua pakiti nzima, na oda za ndogo zikishuka msimu huo usidhani zimeshindwa.

NguvuYaBei
Na mfuko wa kijiko?

MshikaMzigo
Gulio la pili nitauweka duka mojamoja, kaka, tuone kwa macho. MwenyeDuka, ungeuchukua kwa mkopo wa wiki moja?

MwenyeDuka
Kwa mkopo nauchukua hata kesho. Kwa taslimu nipe wa kilo moja.

Mpitanjia77
Nimebaki kama mlivyosema. Hiyo nusu dazeni, msambazaji wa pikipiki anatafutwa wapi? Mimi pikipiki ninayo.